Kichwa kinachouma ukipunguza kahawa: ukate ghafla, upunguze vikombe, au uchanganye na dikafu?

Nauza dawa Tanga, na kuna maumivu ya kichwa ambayo nimejifunza kuyatambua kwa siku na saa yanapokuja dukani. Ni Jumamosi, kama saa tisa alasiri. Mtu anaomba dawa ya kichwa, na ukimuuliza anakwambia kwamba kila wikiendi anaumwa hivyohivyo, Jumatatu akienda kazini kinapona. Huyo swali langu la kwanza kwake ni hili: "Kazini unakunywa kahawa vikombe vingapi, na leo umekunywa vingapi?" Mara nyingi jibu ni vinne, na leo hata kimoja.

Wengi wa watu hao wangependa kupunguza. Mmoja ameambiwa presha imepanda, mwingine hapati usingizi, mwingine ni mjamzito, mwingine anaisubiri Ramadhani kwa hofu. Wanakwama kwenye njia, kwa sababu walishajaribu mara moja, kichwa kikawapiga, wakarudia kikombe. Njia zilizopo kwa kweli ni tatu: kukata ghafla, kupunguza idadi ya vikombe, na kuichanganya kahawa yako na dikafu, yaani ile iliyoondolewa kafeini, ukiongeza dikafu polepole. Nitazipima zote kwa vigezo vilevile: kichwa kitauma kiasi gani, itachukua muda gani, inagharimu nini, inaharibikia wapi, na inamfaa nani.

Kwanza, kwa nini kinauma

Kuna kemikali mwilini iitwayo adenosini. Hiyo ndiyo inayoutuliza ubongo na kuleta uchovu, na pia huipanua mishipa ya damu ya ubongo. Kafeini hukalia vipokezi vyake, adenosini ikakosa pa kushika: unachangamka, na mishipa inabana kidogo. Ukinywa kila siku, mwili unazoea, unajipanga upya kana kwamba kafeini itakuwepo daima. Siku ikikosekana, adenosini inavikuta vipokezi viko wazi kuliko kawaida, mishipa inapanuka, damu inaongezeka kichwani, na kichwa kinagonga.

Kwa sababu hiyo maumivu haya yana ratiba. Huanza saa 12 hadi 24 baada ya kikombe cha mwisho, huwa makali zaidi kati ya siku ya kwanza na ya pili, na kwa wengi huisha kati ya siku mbili na tisa. Huja na miayo, uzito wa mwili, hasira za karibu na akili kutotulia. Na alama yake kubwa ni kwamba ukinywa kahawa, ndani ya saa moja kinaachia. Si lazima uwe mnywaji mkubwa; hata aliyezoea miligramu 100 kwa siku, sawa na vikombe viwili vyepesi, anaweza kuumwa.

Ili tuelewane kuhusu vipimo: kijiko cha chai cha kahawa ya kuyeyuka, ile ya kopo, kina gramu 2 hivi na kafeini ya miligramu 60 kwa kukadiria. Kikombe cha chai ya majani iliyokolea kina 40 hadi 50. Soda ya kola ya mililita 330 ina zaidi kidogo ya 30, na kinywaji cha kuongeza nguvu cha mililita 250 kina 80. Dikafu nayo haikauki kabisa: kikombe chake hubaki na miligramu chache, kwa kawaida kati ya 2 na 15. Hayo mabaki usiyadharau. Yanaonekana si kitu, lakini mwili unaoshushwa polepole huyahisi.

Njia ya kwanza: kukata ghafla

*Kichwa.* Hapa ndipo kinapouma zaidi. Si kila mtu anaumwa. Takribani nusu ya watu hupata maumivu, na wengine hupita kwa uchovu tu. Lakini hakuna anayeweza kujua mapema yuko upande upi, na anayeumwa anaweza kulala kitandani na kichefuchefu juu.

*Muda.* Ndiyo fupi kuliko zote. Siku ya nne au ya tano wengi wameshasimama, na baada ya wiki jambo limekwisha.

*Gharama.* Hununui chochote. Gharama yake ni siku mbili au tatu ambazo huwezi kuahidi kazi ya maana.

*Inaharibikia wapi.* Kwenye dawa. Mtu anakata kahawa Ijumaa, Jumamosi anameza dawa ya kichwa yenye kafeini ndani yake bila kujua. Panadol Extra, kwa mfano, ina parasetamoli miligramu 500 na kafeini miligramu 65 katika kila kidonge. Vidonge viwili ni kafeini 130, sawa na vikombe viwili vya kahawa ya kopo. Kichwa kinaachia upesi, mtu anafurahi, kesho yake kinarudi, anameza tena. Baada ya wiki anasema ameacha kahawa, kumbe amehamia kwenye vidonge. Nimeliona hili mara nyingi kiasi kwamba sasa mtu akisema anaacha kahawa nampa parasetamoli ya kawaida na kumwonyesha kwenye boksi palipoandikwa viambato.

*Inamfaa nani.* Anayekunywa kikombe kimoja au viwili tu, mwenye siku tatu za mapumziko, asiyeendesha gari wala kushika mashine siku hizo. Na yupo mtu mwingine anayefaa, ambaye simlaumu hata kidogo: yule anayejijua kwamba mpango wa wiki tatu hataufikisha mwisho. Siku mbili ngumu zikiisha zimeisha.

Njia ya pili: kupunguza vikombe

*Kichwa.* Inategemea unapunguza kipi. Ukitoka vikombe vinne kwenda vitatu, umeshuka robo, wengi hawahisi. Kutoka viwili kwenda kimoja umeshuka nusu, na kutoka kimoja kwenda sifuri ni kukata ghafla kwa jina jingine. Kwa hiyo njia hii huanza kwa upole na kuwa kali mwishoni, na ndiyo maana watu wengi hukwama kwenye kikombe kimoja miaka nenda rudi. Kama kimoja ndicho ulichokuwa unakitaka, basi umefika.

*Muda.* Punguza kikombe kimoja kila baada ya siku nne au tano. Vinne vinakwisha ndani ya wiki mbili na nusu hivi.

*Gharama.* Hakuna, na unabakiza fedha.

*Inaharibikia wapi.* Kikombe chenyewe si kipimo kinachosimama. Mtu aliyebakiza vikombe viwili hujikuta anajaza kijiko kwa kilima badala ya kusawazisha, na kafeini yote imerudi mlemle. Mbegu nayo ina maneno yake: robusta, ambayo ndiyo kahawa ya Kagera kwa sehemu kubwa, ina kafeini karibu mara mbili ya arabika ya Kilimanjaro. Ukibadilisha pakiti katikati ya mpango, kutoka ya Moshi kwenda ya Bukoba, vikombe vimepungua kwa hesabu, kafeini haikupungua. Jambo jingine ni mazoea. Kahawa ya saa nne ofisini ni kukaa na watu, na ukikiondoa kikombe umeondoa na mazungumzo. Wengine hujaza pengo kwa chai ya rangi au soda ya kola, wasijue kwamba nazo zinahesabika.

*Inamfaa nani.* Mnywaji wa kijiweni. Kahawa chungu ya kwenye buli hukai nayo jikoni kuichanganya. Muuzaji ndiye anayepika, na kadiri inavyokaa juu ya mkaa ndivyo inavyokolea. Unachoweza kukitawala ni idadi ya vikombe vidogo tu. Hesabu unavyokunywa kwa jioni, sema vitano, toa kimoja kila siku nne, na kaa barazani na kashata yako kama kawaida. Njia hii pia inamfaa aliye mbali na supamaketi, maana dikafu haipatikani kila duka.

Njia ya tatu: kuchanganya na dikafu

*Kichwa.* Hii ndiyo njia inayokisumbua kidogo zaidi, na sababu yake haina siri: unaushusha mwili ngazi kwa ngazi, huku idadi ya vikombe, saa zake na ujoto wa kikombe mkononi vikibaki vilevile.

Ninaposema kahawa ya nusu nguvu simaanishi kahawa ya kawaida iliyozidishwa maji. Hiyo inakuwa nyepesi mdomoni, hairidhishi, na mtu anajikuta ameongeza kikombe. Namaanisha vijiko vile vile vya kahawa, nusu yake dikafu. Kikombe kinabaki kizito, kafeini ndiyo inayopungua.

*Muda.* Wiki mbili hadi tatu kwa anayekunywa vikombe vinne. Anayekunywa zaidi ya hapo ahesabu mwezi.

Nitaeleza alivyofanya dada yangu, mhasibu, kwa sababu hesabu yake ni ya kawaida sana. Alikuwa anakunywa vikombe vinne vya kahawa ya kopo, kijiko kimoja kimoja: saa kumi na mbili na nusu asubuhi, saa tatu, saa saba, na saa kumi. Usiku kikombe kimoja cha chai. Kahawa peke yake ni miligramu 240 hivi, chai 40. Tukakubaliana chai tusiiguse, ili tuwe tunashusha kitu kimoja tu.

Tulichukua kopo la kioo lenye kifuniko. Vijiko 16 ni kahawa yake ya siku nne, kwa hiyo tulitengeneza mchanganyiko wa vijiko 16 kwa kila ngazi. Ngazi ya kwanza ilikuwa vijiko 12 vya kawaida na 4 vya dikafu. Ya pili, 8 kwa 8. Ya tatu, 4 kwa 12. Ya nne, dikafu tupu. Kafeini ya kahawa ikawa inashuka kutoka 240 kwenda 180, kisha 120, kisha 60, tukiyaacha pembeni yale mabaki ya dikafu yenyewe.

Kwa nini siku nne? Kwa sababu maumivu ya kushuka ngazi hukolea siku ya kwanza hadi ya pili. Ukishuka kila siku, hujui kichwa cha leo kinatokana na ngazi ipi, na ngazi zinapandana juu ya nyingine. Ukiipita siku ya tatu ukiwa mtulivu, mwili umekubali.

Alianza Jumatatu. Alhamisi ngazi ya kwanza ikaisha bila kelele. Ijumaa akaanza nusu kwa nusu. Jumapili mchana akanipigia simu.

"Mdogo wangu, dawa yako imekataa. Kichwa kinapasuka."

"Pole dada. Jana ulikunywa vikombe vingapi?"

Akanyamaza kidogo. Jumamosi alikuwa msibani tangu asubuhi. Alikunywa kimoja nyumbani kabla ya kutoka, na kopo la mchanganyiko akaliacha nyumbani. Kwa hiyo badala ya miligramu 120 za kahawa alipata 30. Mpango haukumwangusha, siku ile alishuka ngazi moja na nusu kwa mpigo.

Nikamwambia anywe kikombe cha nusu kwa nusu pale pale, arudi kwenye vinne vyake kesho, na asirudie kahawa kamili. Hapa watu wengi hukosea: kichwa kikiuma wanarudi mwanzo kabisa. Inatosha kubaki ngazi ile ile, au kupanda moja tu, kwa siku mbili tatu. Dada yangu akakaa kwenye nusu kwa nusu hadi Ijumaa iliyofuata, siku nane jumla. Akagawa mchanganyiko makopo mawili, moja la nyumbani na moja la ofisini. Jumamosi akaenda kwenye 4 kwa 12, akakaa siku tano badala ya nne, na siku ya kumi na nane akaingia dikafu tupu. Alipata uzito kidogo wa kichwa siku hiyo jioni, ukaisha bila dawa. Chai yake ya usiku ameendelea nayo, na hana mpango wa kuiacha.

*Gharama.* Dikafu ni ghali kuliko kahawa ya kawaida, na mara nyingi utaipata supamaketi kubwa za mijini tu. Lakini haihitajiki nyingi kama watu wanavyodhani. Kwa hesabu ya dada yangu, hadi anamaliza ngazi ya tatu alitumia vijiko 35, yaani gramu 70. Kopo moja la gramu 100 lilitosha na kubaki.

*Inaharibikia wapi.* Kwenye kuchanganya kwenyewe. Kahawa ya punje na ya ungaunga hazilingani kwa kijiko: kijiko cha unga kina uzito zaidi. Ukiwa na ya kawaida ya unga na dikafu ya punje, vijiko 8 kwa 8 si nusu kwa nusu. Tafuta mbili za aina moja, au tumia mizani ndogo ya jikoni na upime kwa gramu. Unga mwembamba pia huzama chini ya kopo, kwa hiyo ligeuze juu chini mara kadhaa kabla ya kuchota, la sivyo vikombe vya kwanza na vya mwisho vitakuwa na nguvu tofauti. Huku pwani, kijiko kikavu daima. Unyevu ukiingia mchanganyiko unashikana mabonge.

Kwa kahawa ya kuchemsha mambo ni mepesi zaidi, maana unga wa kawaida na wa dikafu vikisagwa sawa hufanana. Wanaolalamika kwamba dikafu imepooza ladha wana haki. Ndiyo maana nashauri tangawizi iliyopondwa na iliki mbili tatu kwenye sufuria kuanzia ngazi ya tatu. Kahawa ya viungo ni ya kwetu tangu zamani, na pengo la ladha linazibika.

*Inamfaa nani.* Anayekunywa vikombe vitatu na kuendelea, anayejipikia mwenyewe, asiyeweza kupoteza siku ya kazi, na aliyewahi kukata ghafla akashindwa kwa kichwa. Pia mwenye kipandauso, kwa sababu kukata ghafla kunaweza kukiamsha.

Kulingana na hali yako

Kama ni Ramadhani inayokusukuma, hesabu kurudi nyuma wiki tatu na uanze kuchanganya hapo. Siku za kwanza za mfungo huuma kichwa kwa sababu kikombe cha asubuhi kimeondolewa kwa mkupuo. Ukifika ukiwa kwenye ngazi ya tatu, kikombe kidogo wakati wa daku kinatosha kukuvusha mchana. Kama zimebaki siku tano tu, punguza vikombe vya mchana, bakiza cha alfajiri, na ukisogeze taratibu hadi saa ya daku.

Mjamzito, usisubiri mpango mrefu kama unapita miligramu 200 kwa siku, ambacho ndicho kikomo kinachopendekezwa na wataalamu wengi. Shuka hadi chini ya hapo kwa kupunguza kikombe kimoja au viwili leo, kisha uendelee kwa kuchanganya ukitaka. Katika ujauzito kafeini hukaa mwilini muda mrefu zaidi, kwa hiyo kikombe cha jioni ndicho cha kuondoka kwanza.

Kama unaacha na sigara pia, ujue kwamba moshi wa sigara huifanya kafeini itoke mwilini haraka. Ukiacha sigara, kahawa ile ile inakuwa na nguvu zaidi: moyo unakwenda mbio, usingizi unakimbia. Hapo kuanza na nusu kwa nusu moja kwa moja mara nyingi hakuleti kichwa, kwa sababu damuni kafeini haijashuka kiasi hicho.

Kama tatizo lako ni usingizi tu, huenda huna haja ya kuacha. Kafeini hupungua nusu baada ya saa tano hivi. Kikombe cha saa kumi jioni bado kina nusu yake saa tatu usiku. Fanya vikombe vya baada ya saa saba mchana kuwa dikafu, cha asubuhi kibaki kama kilivyo.

Kama unaumwa kila wikiendi na hutaki kuacha kahawa, kunywa Jumamosi na Jumapili saa zile zile za kazini, hata kwa mchanganyiko. Kichwa kikitulia, umepata jibu la nini kilikuwa kinakiumiza.

Dawa ya maumivu iwe parasetamoli tupu, isizidi gramu 4 kwa siku, na isiwe zaidi ya siku mbili kwa wiki. Na yapo maumivu ambayo hata kama umeacha kahawa jana usiyabambikie kahawa: yanayokuja kwa kishindo ndani ya dakika moja, yenye homa au shingo kukakamaa, yenye mkono au uso kulegea, yanayoanza baada ya kugonga kichwa, au kwa mjamzito yenye kuona maruweruwe na kuvimba. Hayo ni ya hospitali siku hiyo hiyo. Kichwa chenye homa, huku kwetu, kipimwe malaria kwanza.